Protekta ya kioo imebaki na kipovu chenye vumbi: niibandue, au nirudi kwenye ya plastiki?

MamaNeema_Sakina

Habari za jioni, wanajukwaa. Nina duka la vyakula pamoja na uwakala wa fedha kando ya barabara hapa Sakina, Arusha, na wenyeji mnajua vumbi la huku lilivyo wakati wa kiangazi. Simu ninayotumia kwa uwakala ilikuwa na protekta ya plastiki, ikakwaruzika mpaka tarakimu zikawa hazisomeki vizuri juani, nikaamua kubadilisha na kuweka ya kioo. Nilibandikiwa kwenye meza ya barabarani. Kijana aliyeniwekea alifuta skrini kwa pindo la fulana yake, akapuliza kwa mdomo, kisha akabandika.

Sasa nina kasoro mbili. Ya kwanza ni kipovu cha upana wa milimita nne hivi, kimekaa mahali zinapotokea tarakimu za kuandikia. Nikikibonyeza kinapotea, nikiondoa kidole kinarudi, na nikiitazama simu kwa upande naona kitone cheusi katikati yake. Ya pili ni mstari mweupe kwenye ukingo wa kushoto, unaanzia juu na kuishia karibu nusu ya simu. Vipovu vingine vidogo vilikuwepo siku ile ya kwanza, lakini hivyo vimeondoka vyenyewe.

Ninaomba kujua kama hizi kasoro zinaweza kurekebishwa bila kununua protekta nyingine, na kama kwa mazingira yangu ni afadhali nirudi kwenye plastiki.

Kijana_Njoro

Pole, mama. Usiibandue kwa sasa. Protekta za kioo zina gundi ambayo inaendelea kushika kwa siku moja au mbili baada ya kubandikwa, na vipovu vingi huondoka vyenyewe ndani ya muda huo, kama ulivyokwisha kuona. Weka kitabu kizito juu ya simu usiku kucha. Kuhusu mstari mweupe, chukua mafuta ya kupikia kidogo sana kwa ncha ya pamba, pitisha ukingoni, yataingia yenyewe na weupe utapotea hapo hapo. Hapa Moshi nimeona mafundi wengi wakifanya hivyo.

FundiMbuyuni

Shikamoo, mama, na salamu kwa wote. Mimi nina meza ya ufundi simu sokoni Mbuyuni, Moshi, na kazi ya kubandika protekta ndiyo inayonipatia fedha ya kila siku, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo. Kijana wa Njoro amesema kweli kuhusu vipovu vya hewa tupu. Hewa iliyonaswa peke yake huweza kusukumwa hadi ukingoni, na ile iliyobaki kidogo hupotea taratibu kadiri gundi inavyoendelea kulowana na skrini. Ndiyo maana vile vidogo vyako vimeondoka. Lakini kipovu kinachopotea ukikibonyeza na kurudi palepale ukiachia, tena chenye kitone katikati, kina chembe ya vumbi chini yake, na hicho hakitaondoka hata ukikaa nacho mwaka mzima au ukiweka magunia ya mahindi juu yake.

Sababu ni hii. Kioo cha protekta kwa kawaida kina unene wa milimita 0.33, nacho ni kigumu, hakikubali kukunjika kuizunguka chembe. Chembe ndogo ambayo usingeiona mezani inakinyanyua kioo, na pale kilipojinyanyua panabaki duara la hewa ambalo ni pana mara nyingi kuliko chembe yenyewe. Plastiki ya kawaida ina unene wa karibu milimita 0.1 hadi 0.15, tena ni laini, hivyo inaifunika chembe ile ile kwa karibu na kubakiza kinundu kidogo tu. Watu husema protekta za kioo zinaleta vumbi zaidi. Vumbi ni lile lile, isipokuwa kioo hakiwezi kulificha.

Mstari mweupe wa ukingoni ni jambo la tatu, na haupaswi kuchanganywa na hayo mawili. Simu nyingi za sasa zina skrini ambayo imeteremka kidogo pembeni, mteremko ambao unausikia kwa ukucha kuliko kuuona. Kioo bapa kikifika kwenye mteremko huo kinabaki hewani. Huo weupe ni nafasi kati ya gundi na skrini. Kuna jambo moja ninaloomba mama alitazame kwanza: aliondoe kava, kisha abonyeze ukingo ule wa kushoto na kusubiri kidogo. Kava nyingine zina mdomo unaoingia juu ya skrini, na mdomo huo unaisukuma protekta kutoka pembeni kila unapoishika simu.

Boda_Kisongo

Mimi natofautiana na mafundi katika jambo hili. Nimefunga simu kwenye usukani wa pikipiki, njia yangu ni Kisongo kwenda mjini na kurudi, na kioo hakidumu kwangu. Kinaanza kwa ufa mdogo kwenye kona, baada ya hapo mtetemo unamaliza kazi. Nikaweka ile plastiki laini inayokatwa kwa mashine kulingana na aina ya simu, wenyewe wanaiita haidrojeli. Mkwaruzo mdogo unapoingia, ukiiacha kwenye joto la mchana unafifia wenyewe. Haijapasuka kwa sababu haina cha kupasuka. Mama, ikiwa kazi yako ni kwenye vumbi kama mimi, achana na kioo.

Dalali_wa_Mawe

Naomba kuongeza kuhusu ugumu, kwa sababu maboksi ya protekta yanawapotosha watu. Karibu kila boksi limeandikwa 9H, na wauzaji husema hiyo ni ngazi ya tisa ya ugumu, ya pili baada ya almasi. Sisi tunaofanya biashara ya mawe hapa Arusha tunaijua ngazi ya Mohs. Kwenye ngazi hiyo namba tisa ni rubi na yakuti, kama zile rubi zinazotoka Longido. Tanzanaiti yenyewe ipo kati ya sita na saba, na wanunuzi huonywa waivae kwa uangalifu. Kioo cha kawaida kipo kati ya tano na sita. Iwapo protekta ingekuwa tisa kweli, ingeikwaruza tanzanaiti, na haiwezi.

Ile 9H ni ya penseli. Rangi au kitu chochote kilichopakwa hupimwa kwa kusukuma penseli juu yake kwa pembe ya nyuzi 45, na kipimo kinachotumika sana huweka uzito wa gramu 750 juu ya penseli hiyo. Penseli ngumu kuliko zote katika kipimo hicho ndiyo 9H. Kwa hiyo maandishi yale yanasema tu kwamba penseli haikukwaruza. Mchanga wa kawaida una kwatsi ndani yake, na kwatsi ni saba. Ukifuta vumbi la barabarani kwa kitambaa kikavu juu ya kioo chochote, unakisugua kwa kitu kigumu kuliko chenyewe. Pamoja na hayo kioo kinavumilia funguo, sarafu na kucha, vitu ambavyo vinaichana plastiki.

MwlKibosho

Nashukuru kwa mada hii, kwa kuwa nami nina tatizo hilo hilo. Tangu nilipoweka protekta ya kioo simu yangu haitambui kidole. Ninaweka kidole chini ya skrini pale palipo na alama, inakataa mara nyingi sana. Hakuna kipovu ninachokiona. Je, inawezekana vumbi limeingia ndani ya sehemu ya kusomea kidole, na nikiibandua protekta nitaweza kulisafisha?

FundiMbuyuni

Mwalimu, hilo lako ni tatizo jingine, na vumbi halihusiki. Msomaji wa kidole ulio chini ya skrini upo ndani ya simu, hakuna vumbi linaloufikia kutoka juu. Kuna aina mbili. Moja inaangaza mwanga na kukipiga kidole picha, na hiyo kwa kawaida inapita kwenye kioo ikiwa protekta imeshika sawasawa. Nyingine inatumia mawimbi ya sauti yasiyosikika, na hiyo hukwama panapokuwa na tabaka la hewa, hata jembamba namna gani. Protekta yenye gundi pembeni peke yake inaacha tabaka hilo katikati yote, na huwezi kuliona kwa macho.

Anza kwa kufuta alama za vidole zilizosajiliwa, kisha uzisajili upya ukiwa na protekta juu. Kama simu yako ina sehemu iitwayo `Touch sensitivity` kwenye mipangilio ya skrini, iwashe, japokuwa hiyo inasaidia zaidi mguso wa kawaida. Ikikataa bado, tafuta protekta yenye gundi uso mzima au uweke plastiki. Usichague kitu chochote chenye vinundu vya silikoni upande wa ndani. Mwezi Oktoba 2019 Samsung walikiri kwamba baadhi ya simu zao za Galaxy S10 na Note10 zilikuwa zinasoma vinundu vya kifuniko cha silikoni na kuvidhania kuwa kidole cha mwenye simu, wakalazimika kutoa marekebisho ya programu.

MamaNeema_Sakina

Ahsanteni sana. Msomaji wa kidole kwenye simu yangu upo pembeni kwenye kitufe, kwa hiyo hilo la mwalimu halinihusu. Nimeondoa kava kama fundi alivyoelekeza, na ule mstari mweupe umepungua kwa zaidi ya nusu, umebaki sehemu ya juu tu. Kipovu hakijabadilika. Nyumbani nina selotepu, spiriti ya duka la dawa na kitambaa cha kufutia miwani. Je, vitu hivyo vinatosha kuiondoa chembe, na kioo hakitapasuka nikikinyanyua?

FundiMbuyuni

Vinatosha, mama. Kinachovunja kioo katika kazi hii ni haraka ya kukinyanyua, kwa hiyo nitaanza na mahali pa kufanyia.

Usifanye dukani. Fanya kazi nyumbani usiku, feni ikiwa imezimwa, madirisha yamefungwa, na uvue sweta au kitenge chenye manyoya, kwa sababu mara nyingi kile tunachokiita vumbi ni uzi wa nguo. Ukiwa na bafu, mwaga maji ya moto sakafuni, toka nje, usubiri mvuke utulie, kisha uingie. Unyevu unayashusha mavumbi yanayoelea, na pia unapunguza ule umeme wa msuguano unaovuta vumbi. Umeme huo ndio sababu ya kufuta skrini kwa kitambaa kikavu kisha ukaona imejaa nyuzi kuliko mwanzo. Subiri mpaka mvuke uondoke machoni, kwa maana simu ikishika matone utakuwa umejiongezea kazi nyingine.

Zima simu ili skrini iwe nyeusi, uweke taa upande mmoja, ulalo, chembe zote zitaonekana. Bandika kipande cha selotepu juu ya protekta kwenye kona iliyo karibu na kipovu, ubakize mkia wa kushikia. Pitisha ukingo wa kadi nyembamba ya plastiki chini ya kona hiyo, usitumie kisu. Kona ikiachia, vuta mkia wa selotepu taratibu, huku kadi ikiifuata gundi inavyoachana. Nyanyua mpaka upite kipovu kidogo tu, halafu usimame. Upande wa pili wa protekta ubaki umeshika, kwa sababu huo ndio bawaba yako: ukiubandua wote utapoteza mpangilio wa matundu ya kamera na spika, na itabidi uanze upya. Kioo hiki kinapinda kidogo sana. Ukisikia mlio mwembamba, punguza pembe ya kunyanyulia.

Sasa itafute chembe. Inaweza kuwa imebaki kwenye skrini, inaweza kuwa imenasa kwenye gundi, na wengi hushindwa kwa sababu wanaangalia skrini peke yake. Chukua kipande kingine cha selotepu kipya, gusa skrini pale palipokuwa na kipovu kisha ukinyanyue, halafu kwa kipande kingine gusa upande wa gundi wa protekta mahali pale pale. Gusa na kunyanyua, usiburute. Gundi ya silikoni inavumilia kuguswa hivyo bila kuchafuka. Usiiguse kwa kidole, kwa maana mafuta ya kidole hayatoki kwa selotepu, na usiweke spiriti kwenye gundi. Spiriti ni ya skrini, tena kabla ya kubandika protekta mpya; kwa kazi hii ya kiraka huenda usiihitaji kabisa. Na usipulize kwa mdomo. Alichofanya yule kijana kwa kupuliza ni kutia matone ya mate juu ya skrini aliyoikausha kwa fulana.

Ukishamaliza, usikibonyeze kioo chini. Kiachie kianguke chenyewe kuanzia upande ulioshika kwenda kwenye kona, utaona gundi inatembea kama maji yanavyotambaa kwenye karatasi. Pale inapokwama, isukume kwa ubapa wa kadi uliofungwa kitambaa, kutoka ndani kwenda nje. Kipovu kikirudi kikiwa na kitone, chembe bado ipo au imehamia pembeni kidogo, rudia. Kikirudi bila kitone, hiyo ni hewa, iache.

Kijana_Njoro

Fundi, maelezo yako nimeyakubali kuhusu chembe. Lakini kwenye mafuta hujanijibu. Mimi mwenyewe nimewekewa mafuta ukingoni na weupe umeondoka, na mpaka leo simu inafanya kazi.

FundiMbuyuni

Sikatai kwamba weupe unaondoka, kaka. Mafuta yanajaza ile nafasi ya hewa, na mwanga ukipita kwenye mafuta hautawanyiki kama unavyotawanyika kwenye hewa, ndiyo maana jicho halioni tena ukingo. Lakini protekta haijashika pale, na sasa haitashika tena kwa kuwa gundi imelowa mafuta. Vumbi la Sakina likifika kwenye ukingo wenye mafuta litaganda na kufanya mstari mweusi badala ya mweupe. Na upande wa juu kuna tundu la spika ya masikioni. Wako mafundi wanaotumia mafuta ya silikoni kwa tone dogo, na mteja anayetaka hivyo simkatalii, ila ya kupikia siyatumii, na kwa mstari wa juu karibu na spika situmii yoyote.

Wenye simu zilizopinda sana pembeni ndio wanaopewa protekta za gundi ya maji inayokaushwa kwa taa ya zambarau. Hiyo inajaza mkunjo vizuri kuliko mafuta, lakini ikimwagika kabla ya kukaushwa inaingia kwenye vitufe na spika na kuganda humo. Mama hahitaji hiyo, simu yake ni bapa.

Boda_Kisongo

Mnaona sasa kazi yote hiyo, bafu, mvuke, selotepu, taa ya pembeni? Plastiki yangu ilibandikwa ikiwa imelowa, wakanyunyizia maji yake, wakaisogeza mpaka ikakaa, wakasukuma maji nje kwa kadi, basi.

Dalali_wa_Mawe

Ni kweli plastiki ya kulowesha ni rahisi kuipanga, kwa sababu inateleza kabla ya kushika. Lakini ina mambo mawili ambayo sijaona yakitajwa. Uso wake ni laini, kidole hakitelezi kama kwenye kioo, na mtu anayeandika tarakimu siku nzima ataliona hilo. Pili, jiwe dogo lenye ncha likiigonga, nguvu inapita moja kwa moja hadi kwenye skrini yenyewe. Hapa Arusha mtu anakuwa na simu na mawe kwenye mfuko mmoja, mimi nimeona skrini iliyotoboka ilhali plastiki juu yake ni nzima.

FundiMbuyuni

Kuhusu kuanguka mimi huwa najizuia kumwahidi mteja. Kioo cha protekta kikizamishwa kiwandani kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, chembe za sodiamu za usoni hutoka na kubadilishwa na za potasiamu ambazo ni kubwa zaidi, hivyo uso unabanana na inakuwa vigumu kwa ufa kuanza. Kwenye kingo kilipokatwa ndipo udhaifu unapobaki, na ndiyo maana ya boda inaanzia kwenye kona. Wateja huniletea protekta iliyopasuka na skrini nzima chini yake wakisema imewaokoa. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba skrini isingepasuka hata bila hiyo, maana protekta ni nyembamba na hupasuka kwa pigo ambalo skrini ingelivumilia. Kwa mikwaruzo sina shaka, kioo ni bora. Kwa kuanguka bapa juu ya jiwe, sijui mtu anayeweza kuthibitisha kwa simu moja.

Dalali_wa_Mawe

Hapo sikubaliani nawe kabisa, fundi. Kitu kinachovunjika kinatumia nguvu kuvunjika, na nguvu hiyo haifiki chini.

FundiMbuyuni

Sehemu yake haifiki, ndugu. Ni sehemu kiasi gani ndilo swali.

MamaNeema_Sakina

Naleta mrejesho. Jana usiku nimefanya kama fundi alivyoelekeza. Chembe haikuwa kwenye skrini, ilikuwa kwenye gundi, nayo ni uzi mfupi mweusi, nadhani wa ile fulana. Imetoka kwa selotepu. Kioo kimetambaa chenyewe na kipovu hakipo, ila pembeni ya pale kimejitokeza kingine kidogo kisicho na kitone, nimekiacha. Mstari mweupe wa juu bado upo, urefu wa kama sentimita mbili, na mafuta sitaweka.

Nina swali la mwisho. Kava nililonalo ndilo linaloshika simu vizuri inapoanguka, lakini ndilo lililokuwa linasukuma protekta. Je, nibadilishe kava au protekta?

FundiMbuyuni

Badilisha protekta itakapofika wakati wake, mama, kava libaki. Ukienda kununua nenda na simu ikiwa ndani ya kava, uombe kioo chenye gundi uso mzima ambacho ni kifupi kuliko skrini kwa milimita moja hivi kila upande. Kiweke juu ya simu kabla ya kubandua karatasi yake. Kikigusa mdomo wa kava kikiwa kikavu, hicho kitasukumwa pia kikiwa kimebandikwa, mwambie muuzaji akupe kingine.

Boda_Kisongo

Au plastiki.